Uzi: Kenya na Uingereza zote zadai ushuru wa mshahara ule ule, naandika ombi la MAP, naomba mlipitie

BahariKuu
Salaam kwenu wote. Wenye kujua mambo ya ushuru nisaidieni, hapa nilipofika sioni mbele wala nyuma.

Kazi yangu ni kupanga mizigo ndani ya meli za makontena, kontena gani likae wapi ili meli isilale upande. 2023 mwezi wa nne niliajiriwa na kampuni ya Uingereza, pauni 4,000 kwa mwezi. Nikaenda Southampton nikakaa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, halafu nikarudi zangu Nyali nikaendelea na kazi ile ile kwa laptopu mpaka mkataba ukaisha mwisho wa mwezi wa tatu 2024. Mke na watoto hawakutoka Mombasa hata siku moja, watoto wanasoma huku, na mkopo wangu wa sacco na daktari wangu ni wa huku huku.

Kampuni ilinikata ushuru wa kule miezi yote kumi na miwili, hata ile mitano niliyokuwa nimekaa barazani kwangu. Nikaomba nirudishiwe wa hiyo mitano, nikajaza mpaka ile fomu ya HS302 ya watu wenye ukazi wa nchi mbili, jibu likaja wewe ni mkazi wa huku, umelala huku zaidi ya siku 183 na chumba unacho. Huku nyumbani nako nikatangaza mshahara wa mwezi wa nne mpaka wa kumi na mbili 2023, nikaomba nikatiwe nilicholipa kule, kadirio likaja tarehe 6 mwezi huu wakasema wewe ni mkazi wa Kenya, nyumba yako iko Nyali, na krediti haikubaliki kwa sababu P60 yako, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na ushuru wa mwaka mzima, inaishia tarehe 5 Aprili haiendi na mwaka wetu.

Sasa nimeambiwa kuna ule utaratibu wa nchi mbili kukaa zenyewe zikakubaliana, MAP. Nimeanza kuandika. Nani anajua barua hii inakaaje?

AbuRayyan
Pole sana kaka. Mimi pia walinitoza mara mbili pale Kilindini, gari nimelipia ushuru Japan wakati wa kununua na huku nikalipa tena. Hiyo MAP inashughulikia magari ya mtumba pia ama?

MamaSwaleh_Tudor
AbuRayyan hapana mwanangu, hiyo ya gari ni forodha, ni njia nyengine kabisa. Hii ni ya ushuru wa mapato na lazima kuwe na mkataba baina ya nchi mbili hizo.

BahariKuu, kabla hujaandika neno moja la MAP: kadirio la tarehe 6, umeshaweka pingamizi?

BahariKuu
Bado mama. Nilidhani MAP ndiyo yenyewe, nikipeleka hiyo mengine yanasimama.

MamaSwaleh_Tudor
Hayasimami. Nimefanya ukaguzi wa ushuru miaka mingi kabla sijaanza kushika vitabu vya watu, na hapa ndipo nimeona watu wakizama. Pingamizi ni siku 30 tangu upewe kadirio, linawekwa kwa iTax, na ule ushuru usioupinga lazima uwe umelipa ama umekubaliana nao namna ya kulipa, la sivyo wanasema pingamizi lako si halali. Wao wana siku 60 kukujibu. Wakikukatalia una siku 30 nyengine kwenda jopo la rufaa. Ukikaa kimya ukingoja nchi mbili ziandikiane, kadirio linakuwa deni la kweli, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi inatembea. OECD yenyewe, lile shirika la nchi linalotunga sampuli ya mikataba hii, inalenga kesi hizi zimalizike kwa wastani wa miezi 24, kwa hiyo hesabu mwenyewe riba ya miezi hiyo.

MAP inakwenda sambamba. Mkataba unasema unaweza kuipeleka bila kujali njia za sheria za ndani, maana yake haikunyimi pingamizi na pingamizi halikunyimi MAP.

KijanaWaKizingo
Bro mbona unajisumbua, hii rahisi. Sema wewe ni mkazi wa Uingereza, basi. Umelala kule zaidi ya siku 183, na huku 2023 ukijumlisha mwezi wa kwanza mpaka wa nne na zile mbili za mwisho haufiki 183. Mwajiri si wa Kenya. Mkataba unasema mkazi wa Uingereza akifanya kazi Kenya chini ya siku 183 na analipwa na mwajiri wa nje Kenya haimgusi. Unatoka hapo na sifuri ya Kenya. Ushuru wa kule asilimia 20, wa huku unapanda 30 mpaka 35, yaani hesabu inajiongea.

Zuhura_M
Kijana hicho kifungu cha 183 umekisoma sawa lakini umerukia katikati. Kinaanza na "mkazi wa", na ukazi wenyewe ndio mzozo. Kwa sheria ya Kenya mtu mwenye nyumba ya kudumu hapa akikanyaga Kenya hata siku moja mwaka huo ni mkazi. Kwa sheria yao siku 183 anakuwa mkazi. Wote wawili wako sawa kwa sheria zao, ndiyo maana mkataba una ngazi za kuamua.

BahariKuu swali: kule hawana ule utaratibu wa kuukata mwaka vipande viwili, mtu akihama katikati ya mwaka wao? Ungepata huo hata mkataba usingehitaji.

BahariKuu
Niliuliza dada. Wakasema chumba changu cha Southampton mkataba wake ulikuwa wa mwaka mzima mpaka mwezi wa tatu 2024, nililipa kodi ya chumba mpaka mwisho, kwa hiyo sikuacha makao. Na ile njia nyengine ya mtu anayefanya kazi nje ya nchi muda wote haikunifaa pia kwa sababu kazi iliisha Machi, mwaka uliofuata sina kazi ya nje.

Na Kijana, kusema kweli wazo lako limenivutia maana hela ni nyingi. Mama unasemaje?

MamaSwaleh_Tudor
Nasema usithubutu, na nitakwambia kwa nini.

Ngazi ya kwanza ya mkataba ni nyumba ya kudumu. Nyali unayo. Southampton ulikuwa na chumba mwaka mzima, na cha kupanga pia kinahesabika mradi kilikuwa chako kukitumia muda wote. Tuseme kote unayo. Ngazi ya pili ni wapi maisha yako yamefungika zaidi, ya nyumbani na ya kiuchumi. Mke Nyali, watoto wanasoma hapa, mkopo wako wa sacco hapa, daktari wako hapa. Kule una mwajiri na chumba. Ngazi inaishia hapo, na inaishia Mombasa. Huhitaji kufika kwenye siku ulizolala wala uraia.

Sasa ukiandika wewe ni mkazi wa Uingereza, mke wako na watoto wataelezwa vipi kwenye karatasi? Halafu 2024 ulikuwa Mombasa mwaka mzima, ile hoja ya siku chini ya 183 imekufa yenyewe kwa miezi ya Januari mpaka Machi. Na HS302 yako tayari inasema wewe ni mkazi wa Kenya. Ukileta hadithi ya pili nchi mbili zitaweka karatasi zako pamoja mezani, wewe hutakuwemo chumbani kujieleza, maana mazungumzo ni ya serikali kwa serikali, mlipa ushuru haketi nao.

KijanaWaKizingo
Sawa mama lakini chumba kile mimi bado naona kinaweza kuwa si nyumba ya kudumu. Alijua tangu mwanzo anarudi. Akishinda hapo ngazi ya kwanza tu kesi imeisha, nyumba ya kudumu ni Nyali peke yake.

MamaSwaleh_Tudor
Hiyo ni hoja, na iandikwe. Lakini isiwe ndiyo nguzo. Mkataba wa mwaka mzima na kodi iliyolipwa mpaka mwezi wa mwisho ni vigumu kuvipita. Andika: chumba hakikuwa nyumba ya kudumu, na hata kikihesabiwa, ngazi ya pili inaelekea Kenya.

Fundi_Likoni
Nami naomba kuuliza hapa hapa. Nimefanya kazi ya umeme Tanga kwa kampuni ya Tanzania, walinikata kule asilimia zao wakati wa kunilipa, huku natakiwa nitangaze tena. Mimi nipeleke MAP wapi?

Zuhura_M
Fundi kwako ni vigumu. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kuzuia ushuru mara mbili unaofanya kazi. Ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini lakini haujaanza kutumika. Bila mkataba hakuna mamlaka ya upande wa pili ya kuzungumza nayo. Fungua uzi wako tukutazamie sheria za ndani, usije ukachanganyika na huu.

BahariKuu
Haya, mimi ni mkazi wa Kenya, nimekubali. Sasa naomba mnitazamie hesabu. Nimeandika hivi:

Mshahara wa mwaka wao, 6 Aprili 2023 mpaka 5 Aprili 2024, ni pauni 48,000. Ushuru waliokata ni 7,086.
Miezi saba niliyofanya kazi nikiwa kule ni pauni 28,000. Nimejumlisha peslip za miezi hiyo, ushuru uliokatwa ni 4,133. Naiomba Kenya inikatie hizo.
Miezi mitano niliyofanya kazi Nyali ni pauni 20,000. Naiomba Uingereza inirudishie asilimia 20 yake, pauni 4,000.

Iko sawa?

MamaSwaleh_Tudor
Jumlisha hizo mbili ulizoomba, mwanangu.

BahariKuu
8,133.

MamaSwaleh_Tudor
Na ulilipa 7,086. Umeomba pauni elfu moja na kidogo ambazo hukuzilipa popote, na afisa wa kwanza atakayeshika kalamu ataona.

Angalia ilivyotokea. Kule una kiwango kisichotozwa, mwaka ule ni pauni 12,570. Peslip zinakigawa kidogo kidogo miezi yote kumi na miwili, kwa hiyo ile 4,133 imehesabiwa kana kwamba sehemu ya kiwango hicho ni ya miezi ya Nyali. Lakini ukirudishiwa ushuru wa miezi ya Nyali, kiwango chote kinabaki kwenye 28,000. Toa 12,570 kwenye 28,000, inabaki 15,430, asilimia 20 yake ni 3,086. Hiyo ndiyo unaiomba Kenya ikukatie. 3,086 na 4,000 inarudi 7,086 barabara.

Na uandike zote mbili kwenye waraka mmoja, zikiwa zimefungwa pamoja: Uingereza ina haki ya kutoza kazi iliyofanywa kwa mwili kule na Kenya itoe krediti ya hiyo, Uingereza haina haki kwa kazi iliyofanywa Mombasa na mkazi wa Kenya. Ukizitenganisha, kila upande unaona nusu tu na kila upande unakataa nusu yake, ndivyo ilivyokukuta tayari.

Zuhura_M
Hapo kwa P60 pia pamepona. Miezi yake saba yote, Aprili mpaka Oktoba 2023, imo ndani ya mwaka wetu wa 2023 na pia ndani ya mwaka wao. Kwa hiyo krediti yote ya 3,086 inaangukia 2023. Usiwape P60 peke yake, wape peslip moja moja na ukurasa mmoja wa hesabu unaoonyesha mwezi upi uko mwaka upi.

Ubadilishaji wa pauni kwa shilingi, chagua kiwango cha Benki Kuu, kitaje na tarehe zake, tumia hicho hicho kila mahali. Nimeona faili limerudishwa kwa sababu ukurasa wa pili na wa sita una viwango tofauti.

KijanaWaKizingo
Na ile bima yao ya taifa waliyomkata, iko humo?

Zuhura_M
Haimo, hiyo si ushuru wa mapato na mkataba hauifuniki. Asiiingize, itamchafulia hesabu.

BahariKuu
Kwa hiyo mama hata nikishinda yote, Kenya bado nitalipa?

MamaSwaleh_Tudor
Utalipa, sikufichi. Krediti inakutoa ushuru wa mara mbili, haikutoi tofauti ya viwango. Kwa 28,000 ushuru wa Kenya ni mkubwa kuliko 3,086, kwa hiyo utalipa kilichobaki, na kwa mishahara ya Nyali utalipa wote huku. Ndiyo maana nakwambia ile sehemu ambayo Kenya itaichukua kwa vyovyote vile, ilipe sasa na pingamizi, riba isikutafune.

BahariKuu
Alhamdulillah angalau najua nasimama wapi. Basi ushahidi. Nina pasipoti, lakini kuna stempu ya kuingia Uingereza na hakuna ya kutoka.

MamaSwaleh_Tudor
Kule hawapigi stempu ya kutoka, usihangaike kuitafuta. Ya kutoka inathibitishwa na stempu yako ya kuingia Kenya na tiketi ya ndege.

Tengeneza jedwali la siku zote. Kila mstari tarehe, ulilala nchi gani, ulifanya kazi nchi gani, na ushahidi wake ni karatasi namba ngapi. Kulala na kufanya kazi viwe safu mbili tofauti, manake kule wanahesabu ulikuwa wapi saa sita ya usiku, lakini siku 183 za mkataba zinahesabu hata siku uliyokuwepo kipande. Ukiruka London saa nne usiku ukashuka asubuhi, kwa hesabu yao usiku ule hukuwa kwao, na kwa hesabu ya mkataba siku ile ulikuwepo.

Ulikuja likizo katikati?

BahariKuu
Nilikuja mwezi wa nane harusi ya mdogo wangu, wiki mbili. Laptopu sikuigusa wallahi.

MamaSwaleh_Tudor
Basi omba kwa mwajiri barua ya kuthibitisha likizo. Ingekuwa uliifungua, siku hizo ni kazi iliyofanywa Kenya na 28,000 yako inapungua. Barua hiyo hiyo iseme pia tarehe ulizofanya kazi ukiwa Mombasa na kwamba kampuni haina ofisi wala tawi Kenya.

Zuhura_M
Mama hapa nitakupinga kidogo. Ofisini kwetu tulishauriwa tuliondoe pingamizi tungoje MAP, ili jopo lisije likaamua kabla. Jopo likishaamua, mamlaka ya hapa inasema mikono imefungwa, haiwezi kukubaliana na wenzao kinyume cha uamuzi.

MamaSwaleh_Tudor
Hofu hiyo ni ya kweli dada, lakini dawa yake si kuondoa. Ukiondoa na nchi zisipokubaliana umebaki mikono mitupu, kwa sababu mkataba unazitaka zijitahidi tu, hauzilazimishi kufika. Weka pingamizi, likikataliwa nenda jopo, kisha uombe jopo lisimamishe kesi mpaka MAP ijulikane.

Zuhura_M
Na jopo likikataa kusimamisha?

MamaSwaleh_Tudor
Hapo wakili, si mimi.

Jengine ambalo lazima ulitazame BahariKuu ni muda. Mkataba wetu na Uingereza ni wa 1973. Mikataba ya wakati ule ilifuata sampuli ya OECD ya 1963, na sampuli ile haikuwa na miaka mitatu ya kupeleka kesi wala ile sentensi ya kwamba makubaliano yatatekelezwa hata muda wa sheria za ndani ukiwa umepita. Vyote viwili viliingia kwenye sampuli ya 1977. Chukua mkataba wenyewe usome kifungu neno kwa neno. Sentensi hiyo isipokuwepo, nchi zinaweza kukubaliana urudishiwe pauni 4,000 na mtu akakwambia muda wa kurudishiwa umekwisha. Kule sheria yao inakupa miaka sita tangu mwaka husika uishe kupeleka kesi ya MAP pale mkataba usiposema, lakini kudai ushuru uliolipwa zaidi ni miaka minne, kwa mwaka wako ni mpaka 5 Aprili 2028. Peleka dai la kulinda haki kabla ya tarehe hiyo hata kama MAP inaendelea, useme wazi ni la kulinda na lisubiri matokeo.

BahariKuu
Na miezi ya Januari mpaka Machi 2024, Kenya haijanikadiria. Niisubiri?

MamaSwaleh_Tudor
Usisubiri. Mkataba unasema ushuru ambao umetozwa ama utatozwa kinyume chake. Iweke humo humo, ni miezi mitatu ya ile mitano.

Waraka wenyewe hauna haja ya kuwa mrefu. Wewe ni nani, namba zako za ushuru za nchi zote mbili, miaka ipi ukitaja ya kalenda zote mbili, vifungu unavyodai vimevunjwa, yaliyotokea kwa mpangilio wa tarehe, hesabu, na hali ya pingamizi lako ikoje. Useme kama umepeleka upande wa pili, na nakala ziwe zile zile. Tia sahihi kwamba yaliyomo ni kweli. Ambatisha kadirio la huku na barua ya kukataliwa ya kule, na cheti cha ukazi wa ushuru wa 2023, kiombe leo kwa iTax. Inakwenda kwa mamlaka husika Nairobi, usimwachie afisa aliyekukadiria hapa Mombasa, yeye hana uwezo wa kuzungumza na nchi nyengine.

Fundi_Likoni
Huo mkataba wa chumba cha Southampton si bora auache tu nje? Ndio unaomharibia.

MamaSwaleh_Tudor
Fundi, upande wa pili tayari wanao, ndio walioutumia kumkatalia. Akiuficha wa kwetu wataupata kwa wenzao, na hapo hata neno lake kuhusu mke na watoto wataanza kulitilia shaka. Uwe kiambatisho, na kando yake iwekwe ile hoja ya Kijana.

BahariKuu
Sawa. Pingamizi naliweka kesho na malipo ya ile sehemu nisiyoipinga, cheti nimekiomba sasa hivi. Jedwali la siku nikimaliza nitalitupia hapa nikifuta namba za pasipoti, dada Zuhura unitazamie safu ya ushahidi.

Zuhura_M
Lete. Na ndani ya pingamizi andika 3,086, usije ukanakili ile ya zamani.

AbuRayyan
Wakuu na ile ya gari nani anajua ofisi yake pale bandarini?